Kuhifadhi Mbegu za Uzazi kabla ya Dawa za Saratani: Yaliyo ya Tiba na Yaliyo ya Sharia

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa mas-ala yanayoulizwa sana zama hizi, na aghalabu huulizwa wakati umekwisha kupita, ni hii ya kijana aliyepatikana na saratani naye hajazaa. Dawa za saratani zimeendelea hata vijana wengi waliokuwa wakifa huko nyuma leo hupona na kuishi miaka mingi. Lakini dawa hizo hizo huweza kuua mbegu za uzazi. Mtu hupona maradhi yake, akaoa, akakaa miaka mitatu minne pasi na mtoto, ndipo akajua kwamba alipoteza uzazi siku ile alipotundikiwa chupa ya kwanza ya dawa. Na lililowezekana kufanywa liliwezekana katika siku chache tu kabla ya chupa ile. Siku hizo hupotea kwa haya, na kwa kungojea jibu la sharia ambalo lingaliweza kujulikana mapema.

SABABU YA MADHARA

Dawa hizi, ambazo matabibu huziita kimotherapi, zimekusudiwa kuua chembe za mwili zinazojigawa upesi, kwa kuwa saratani tabia yake ni hiyo. Walakini katika mwili wa mtu mzima mna chembe nyengine zisizo za maradhi nazo hujigawa upesi: za nywele, za matumbo, za damu, na za korodani. Ndiyo maana mgonjwa hutokwa na nywele na hutapika. Nywele hurejea. Katika korodani mna chembe asili ambazo kwazo mbegu huzaliwa mchana na usiku, na tangu kuanza kwa mbegu hata kukamilika kwake hupita kiasi cha miezi miwili na zaidi kidogo. Dawa ikiua mbegu zilizo njiani, baada ya muda nyengine zitazaliwa. Lakini ikiua zile chembe asili, hapana tena kitakachozaliwa.

Wala dawa zote si sawa. Ziko kali mno kwa uzazi, kama saiklofosfamidi ikitolewa kwa wingi, na prokarbazini, na busulfani itolewayo kabla ya kutiwa uboho mpya. Na ziko nyepesi, ambazo wengi wa waliotibiwa kwazo mbegu zao hurejea baada ya mwaka mmoja au miwili. Hapa watu hukosea sana. Tabibu akimwambia mgonjwa kuwa dawa yake ni katika zile nyepesi, mgonjwa hufurahi akaacha kuhifadhi. Hakumbuki kwamba maradhi yakirejea, dawa itakayofuata itakuwa ile kali, na wakati huo mbegu zake zitakuwa zimekwisha kuguswa na dawa ya kwanza, pengine hata moja haonekani nayo. Kwa hivyo nafasi iliyo safi ni moja, nayo ni kabla ya dawa ya kwanza. Zilizotolewa baada ya kuanza dawa haziaminiki, kwani huenda asili yake imeharibika ijapokuwa kwa kutazamwa zinakwenda.

MFANO WA ZAID

Wanazuoni wa fiq-hi wakitaka kupiga mfano humtaja Zaid na Amri na Hindi, na hapa itafuatwa ada yao. Akadiriwe Zaid, kijana wa Mombasa, umri wake miaka 24, ameposa na mahari yamekwisha kutajwa, lakini nikahi haijafungwa. Shingo yake imevimba tezi, usiku hutoka jasho la kulowesha shuka, na mwili umepungua. Tezi moja ikakatwa ikapelekwa kupimwa. Siku ya Jumatatu jawabu likaja kwamba ni saratani ya tezi ile iitwayo Hodgikini, ambayo ni katika saratani ambazo wengi wa vijana hupona nazo. Tabibu akamwambia kwamba dawa itaanza Nairobi Jumanne ya wiki ya pili. Basi Zaid anazo siku nane.

Siku nane hizi si kwa kila mgonjwa. Saratani ya damu iliyo kali pengine hairuhusu hata siku mbili, na hapo tabibu akisema dawa ianze leo, ianze leo, kwani kuhifadhi nafsi hutangulia kuhifadhi kizazi. Vile vile mwenye uvimbe kifuani unaombana pumzi. Katika maradhi kama ya Zaid, kungoja siku chache aghalabu hakudhuru. Lakini mwenye kusema hivyo ni tabibu wake, si jamaa wala jirani. Na yule ambaye saratani yake imo katika korodani yenyewe, bora ahifadhi kabla hata ya kupasuliwa, kwani ile iliyobaki huenda nayo ni dhaifu.

Neno la kwanza la Zaid kwa tabibu liwe hili: Je, dawa hii itagusa uzazi wangu, na ni siku ngapi ninazo? Asingoje kuambiwa. Tabibu wa saratani fikira yake yote iko katika kumwokoa mgonjwa, na mara nyingi khabari ya watoto humpita, au huona haya kumwuliza kijana ambaye hajaoa.

Jumanne Zaid akapimwa damu kwa maradhi ya ini ya namna mbili, na ukimwi, na kaswende, kwa sababu chumba cha kuhifadhia hakiweki mbegu za mtu mwenye maradhi hayo katika mtungi mmoja na za wengine. Jumatano akapanda gari la moshi kwenda Nairobi. Wako waliodhani ataweza kuitia amana yake katika chupa akampa mtu wa basi. Hilo haliwi. Maji ya uzazi hayana budi kufika mikononi mwa fundi kwa kadiri ya saa moja, yakiwa na joto la mwili, yasipigwe na baridi wala jua. Palipo na chumba cha kazi hiyo ndipo mgonjwa mwenyewe aende, na kama kipo mjini kwake, ni kheri zaidi.

Alhamisi akatoa mara ya kwanza, Jumamosi mara ya pili, Jumatatu mara ya tatu. Ada ni kujizuia siku mbili hadi tano kabla ya kila mara. Penye haraka siku moja au mbili hutosha. Chombo ni kile alichopewa na chumba, kikavu na safi. Asitumie sabuni, wala mafuta, wala mate, kwani vyote hivi huua mbegu. Wala asitumie mpira wa dukani, maana mingine hutiwa dawa ya kuziua makusudi.

Fundi akayatazama maji ya mara ya kwanza kwa hadubini. Yalikuwa mililita 2, na katika kila mililita mbegu milioni 12, na katika kila mia zilizokuwa zikienda ni 30. Hiki ni kiasi cha chini kuliko cha mtu mzima wa afya, na Zaid akahuzunika akidhani ni bure. Si bure. Wagonjwa wa saratani hii na ya korodani mara nyingi huwa hivyo kabla ya dawa yoyote, kwa homa na kwa maradhi yenyewe. Fundi akayachanganya na maji mengine kiasi kile kile yenye gliseroli, ambayo huzuia barafu isifanye vipande vikali ndani ya mbegu ikazipasua. Faida hii ya gliseroli iligunduliwa Uingereza mwaka 1949 katika mbegu za jogoo. Ikawa mililita 4, akazigawa katika mirija minane myembamba, kila mmoja nusu mililita, akazipoza kidogo kidogo, kisha akazitia katika naitrojeni iliyogeuzwa maji, ambayo ubaridi wake ni digrii 196 chini ya sifuri.

Mrija mmoja akaugandua kwa kujaribu. Katika kila mia, zilizokuwa zikienda sasa ni 14. Yaani nusu na zaidi hufa kwa baridi na kwa kugandua, na hilo ni jambo la kawaida. Hesabu yake ni hii: katika kila mrija mna robo mililita ya maji ya Zaid mwenyewe, yaani mbegu milioni 3, na zenye kwenda baada ya kugandua ni kiasi cha 420,000. Kwa njia ya zamani ya kuzitia tumboni mwa mke, hizi ni chache. Lakini tangu mwaka 1992, ilipodhihiri huko Brasels njia ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba mno, mwenye mayai kumi huhitaji mbegu kumi tu zilizo hai. Mara ya pili Zaid alipata mirija sita, mara ya tatu minane. Jumla 22, na baada ya kutoa mitatu ya kujaribiwa, ikabaki 19. Ikagawanywa katika mitungi miwili. Jumanne dawa ikaanza kama ilivyoahidiwa, wala haikucheleweshwa hata siku moja.

Na lau Zaid angalikuwa na siku mbili tu, angalitoa mara moja, na mara moja hiyo ingalimfaa.

Muda wa kukaa katika ubaridi ule hauzidhuru mbegu. Huko Uingereza kijana wa miaka 17 aliyekuwa na saratani ya korodani alihifadhiwa mbegu zake mwaka 1979, na mwaka 2002 akazaliwa mtoto kwazo, baada ya kukaa miaka 21 katika barafu. Linalodhuru ni mtungi kupungukiwa na naitrojeni. Machi 2018 Marekani, katika vituo viwili mbali mbali, mitungi iliharibika ikaangamiza maelfu ya mayai na vijusi vya watu. Kwa hivyo mwenye kuweka aulize: mtungi huongezwa lini, nani anautazama usiku, na iko kengele ya kulia ubaridi ukipungua?

SUAL NA JAWABU

Sual: Zaid hajaoa. Vipi atayatoa maji, na kujitoa mwenyewe ni haramu katika madhehebu ya Shafi?

Jawabu: Ndiyo, asili yake ni haramu. Aliye na mke hana taabu, kwani kutoa kwa mkono wa mkewe ni halali, na chumba cha hospitali humruhusu mke kuingia na mumewe. Ama asiye na mke, wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kutoa kwa haja ya tiba ikiwa hapana njia nyengine, kwa kanuni ijulikanayo kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri yake wala si zaidi. Na asiyetulia moyo kwa hilo, iko njia ya tabibu kutoa mbegu kutoka korodani kwa sindano au kwa kupasua kidogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Lakini hii ni operesheni, ina maumivu na gharama, hutaka siku, na hutoa mbegu chache. Na mwenye damu dhaifu huenda asiiweze. Mwenye kumfutu kijana aachane na ile nyepesi ashike hii, na azijue siku zake kwanza.

Sual: Baba yake Zaid amesema nikahi ifungwe Jumatano, ili yote yawe halali pasi na shaka.

Jawabu: Ni rai njema, na hapana kizuizi cha sharia kuharakisha nikahi. Illa kwa sharti moja ambalo baba alitaka kulipita: mchumba na walii wake waambiwe maradhi yote, na dawa, na kwamba uzazi huenda ukapotea. Kuficha ni udanganyifu katika akdi. Wakikubali hali wanajua, imekuwa kheri. Wakiomba siku za kufikiri, wapewe, na Zaid asingojee jawabu lao hata dawa ikaanza.

Sual: Je, mtoto atakayezaliwa kwa mbegu hizi ni wa Zaid kisharia?

Jawabu: Mas-ala hii ina mizizi katika vitabu vya Kishafi vya zamani, kabla ya barafu wala hadubini. Wanazuoni walitaja mwanamke aliyeingiza tumboni maji ya mumewe yaliyotoka kwa njia yenye hishima, pasi na kuingiliana, wakasema eda humwajibikia na nasaba huthubutu. Zama hizi Sheikh Jad al-Haq, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa Machi 1980 ya kujuzu kukutanisha yai na mbegu nje ya tumbo baina ya mume na mke. Na Baraza la Fiq-hi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilizitaja njia saba, likazikataza tano ambazo ndani yake mna mtu wa tatu, awe mwenye mbegu, mwenye yai au mwenye tumbo, na likaona hapana ubaya kwa mbili zilizo baina ya mume na mke wake penye haja, kwa tahadhari zote. Kwa mbegu zilizowekwa kabla ya nikahi na kutumiwa baada yake, wanazuoni hawakuwa na neno moja. Walioruhusu wameshurutisha kwamba zisitumiwe ila ndani ya ndoa iliyo hai.

Kutokana na sharti hili hutoka jambo ambalo Zaid hana budi kuliandika kwa mkono wake siku ile ile ya kwanza. Karatasi ya chumba cha kuhifadhia humwuliza: ukifa, zifanywe nini? Wengi huacha mahali hapo patupu, au hutia sahihi pasi na kusoma. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kwamba ndoa ikikatika kwa mauti au kwa talaka, mbegu haziguswi tena. Basi aandike kwamba akifa zimwagwe, na kwamba hazipewi mtu yeyote mwengine, wala kwa zawadi wala kwa uchunguzi. Na aangalie kwa macho yake kwamba kila mrija una jina lake na tarehe ya kuzaliwa na namba, na kwamba watu wawili, si mmoja, wamelinganisha namba hizo na karatasi yake. Kuchanganyika kwa mirija ni kuchanganyika kwa nasaba. Na ijara ya kila mwaka iandikwe ni juu ya nani, kwani chumba kisipolipwa huweza kuzitupa kwa mujibu wa karatasi ile ile.

KHABARI YA WANAWAKE

Msomaji mwanamume huenda ni mume wa mgonjwa, au baba yake, na kwa Hindi siku hazitoshi kwa urahisi kama kwa Zaid. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote wala hayaongezeki, na dawa huyapunguza. Hata akirejea kupata hedhi baada ya tiba, mayai huenda yamebaki machache, na ukomo wa hedhi ukamjia akiwa na miaka thelathini na kitu.

Kuyatoa hutaka kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne. Kila siku hupigwa sindano ya kuyakuza, hutazamwa kwa mashine ya mawimbi, kisha hulazwa kwa dawa ya usingizi na mayai hufyonzwa kwa sindano ndefu. Zamani ilikuwa lazima kungoja hedhi ianze, ikawa mwezi mzima unapotea. Leo sindano huanzwa siku yoyote ya mwezi, na hili ndilo lililowaokoa wengi. Mwenye saratani ya titi huongezewa dawa ya letrozoli, ili homoni ya kike isipande mno ikauchochea uvimbe. Mayai hugandishwa kwa upesi mno, na matabibu wa uzazi wa Marekani waliacha kuihesabu njia hii kuwa ya majaribio mwaka 2012. Si kila yai huwa mtoto. Mwenye mayai kumi huenda akapata mtoto mmoja, na huenda asipate.

Hindi akiwa ameolewa, ataulizwa kama mayai yawekwe peke yake au yakutanishwe kwanza na mbegu za mumewe. Kuyaweka peke yake kuna salama zaidi kwa upande wa sharia, maana kijusi kilichobaki baada ya talaka au kifo huwa ni taabu kubwa, na yai peke yake ni lake mwenyewe. Akiwa ni mwanamwali, baba aulize mapema, kwa kuwa njia ya kawaida ya sindano hupitia ukeni. Penye kuwezekana hutolewa kupitia tumboni, na kutazamwa kufanywe kwa juu ya tumbo. Tabibu mwanamke atafutwe. Asipopatikana katika siku zilizopo, mwanamume hujuzu kwa dharura, na mahram wake awepo karibu.

Ama asiye na wiki mbili, na msichana ambaye hajabaleghe, iko njia ya kukata kipande cha kifuko cha mayai kwa tundu dogo la tumbo, kikagandishwa, kikarejeshwa mwilini baada ya kupona. Mtoto wa kwanza kwa njia hii alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004. Lakini katika saratani ya damu kipande hicho huogopwa, kwani maradhi huenda yamejificha ndani yake. Mvulana ambaye hajabaleghe hana mbegu za kuhifadhiwa, na kuhifadhi kipande cha korodani yake bado ni katika majaribio.

TANBIHI

Wakati wa dawa na baada yake kwa mwaka mmoja kwa uchache, au zaidi kama tabibu atakavyosema, mume aliyetibiwa ajizuie kumtia mkewe mimba, kwa kuwa mbegu zitokazo wakati huo huenda zina kasoro. Mwaka ukipita apimwe maji yake. Zaid alipimwa baada ya miezi minane akaambiwa hapana hata mbegu moja. Akapimwa tena baada ya mwaka na nusu zikaonekana chache, zenye kwenda. Mirija yake 19 ingali Nairobi, na ijara ya mwaka huu imelipwa.

Wallahu aalam.